Mkopo au mshirika? Nyumba moja ya wageni Lamu, njia tatu za kuigharamia

Mabinamu wawili walikuja ofisini kwangu Langoni na karatasi tatu. Wamepata nyumba kongwe ya matumbawe upande wa Mkomani, ghorofa moja, ua wa ndani katikati, madaka bado yapo ukutani. Wanataka kuifanya nyumba ya wageni ya vyumba sita. Ununuzi, chokaa, boriti mpya, vitanda, mabomba, umeme wa jua na pesa za kuanzia zote pamoja zinafika shilingi milioni 12. Wao wenyewe wana milioni 3, fungu lao la shamba la urithi lililouzwa.

Karatasi ya kwanza ilikuwa ya shirika tupu: ndugu na jamaa walete milioni 9 zilizobaki na wawe washirika, kila mtu agawiwe faida kwa kadiri ya fedha yake. Ya pili ilikuwa nusu kwa nusu: ami yao alete milioni 3, wakope milioni 6. Ya tatu ndiyo iliyowavutia vijana. Wakope milioni 9 zote, nyumba ibaki yao wawili.

“Kwa nini nimgawie mtu faida ya nyumba yangu,” aliuliza mdogo wao, “na benki inataka asilimia 15 tu?”

Ni swali la haki, na jibu lake halimo katika riba peke yake. Nitaziweka karatasi hizo tatu bega kwa bega kama nilivyowawekea wao, kwa namba zile zile. Nimezilainisha kidogo ili zikumbukike, na zote ni kabla ya kodi.

Nyumba yenyewe kwanza

Kabla ya kuuliza fedha itoke wapi, lazima tujue nyumba inazalisha nini ikiwa haina deni la mtu. Chumba kimoja kwa usiku tulikiweka shilingi 6,000. Mgeni akilala, shilingi 1,000 hivi hutoka pale pale kwa kifungua kinywa, dobi na maji. Zinabaki 5,000. Hizo 5,000 ndizo zinazobeba gharama zisizojali kama mgeni yupo au hayupo: mpishi, mlinzi, leseni, intaneti, na fungu la kila mwaka la uchakavu wa nyumba. Gharama hizo tulizihesabu 3,315,000 kwa mwaka.

Vyumba sita vikilaliwa nusu ya mwaka, huo ni usiku 1,095. Zidisha kwa 5,000, toa gharama zisizobadilika, unabaki na 2,160,000. Hiyo ndiyo faida kabla ya riba, na ni asilimia 18 ya milioni 12. Huo tuliuita mwaka wa kawaida. Mwaka mzuri, wenye usiku kama 1,263, faida ni milioni 3 kamili, yaani asilimia 25. Mwaka mbaya, wenye usiku 903, faida ni milioni 1.2, yaani asilimia 10.

Itazameni tofauti ya mwaka wa kawaida na mwaka mbaya. Ni usiku 192 tu, sawa na usiku 32 kwa kila chumba katika mwaka mzima. Wageni wamepungua chini ya asilimia 18, lakini faida imepungua asilimia 44, kwa sababu mpishi na mlinzi walilipwa vile vile. Nyumba hii ina mzigo usiobadilika hata kabla hatujakopa senti moja. Deni ni mzigo wa pili juu ya huo wa kwanza, na ndiyo maana hoteli haikopi kama duka la unga linavyokopa.

Vipimo viwili

Cha kwanza nakiita uwiano wa deni. Chukua deni, ligawanye kwa fedha yote iliyomo katika biashara, yaani deni pamoja na mtaji wa wenyewe. Shirika tupu ni sifuri. Nusu kwa nusu ni asilimia 50. Karatasi ya tatu ni asilimia 75. Wahasibu wengine hugawanya deni kwa mtaji wa wenyewe peke yake, na kwao karatasi hizo mbili zinakuwa asilimia 100 na asilimia 300. Biashara ni ile ile na hatari ni ile ile, kipimo tu ndicho tofauti. Ukiambiwa uwiano wa deni wa mtu ni 60, uliza kwanza umegawanywa kwa nini.

Cha pili ni mara za riba: faida kabla ya riba inatosha kulipa riba ya mwaka mara ngapi? Milioni 6 kwa asilimia 15 ni riba ya 900,000. Mwaka wa kawaida faida ni 2,160,000, kwa hiyo inatosha mara 2.4. Milioni 9 ni riba ya 1,350,000, na faida ile ile inatosha mara 1.6. Mara 1 maana yake faida yote imekwenda kwa mkopeshaji. Chini ya 1, mwenye nyumba anatoa mfukoni ili riba ilipwe.

Uwiano wa deni unakwambia mzigo ni mkubwa kiasi gani. Mara za riba zinakwambia mbebaji ana nguvu kiasi gani. Ukisoma kimoja bila cha pili utapotea, kwani nyumba yenye uwiano wa asilimia 50 inaweza kuwa salama mahali wageni hawakatiki, na ikazama mahali wageni huja kwa msimu.

Karatasi tatu bega kwa bega

Jedwali hili linaonyesha kila shilingi 100 ya mwenye mtaji imempatia nini kwa mwaka baada ya riba kulipwa.

| Mwaka | Faida kabla ya riba | Shirika tupu | Deni nusu | Deni robo tatu |
|---|---|---|---|---|
| Mzuri | 3,000,000 | 25 | 35 | 55 |
| Wa kawaida | 2,160,000 | 18 | 21 | 27 |
| Wa mpaka | 1,800,000 | 15 | 15 | 15 |
| Mbaya | 1,200,000 | 10 | 5 | hasara 5 |
| Mbaya sana | 600,000 | 5 | hasara 5 | hasara 25 |

Mdogo alitia kidole kwenye 55. Nilimwomba akishushe hadi mstari wa tatu, ambapo safu zote zina 15.

Mstari huo ndio moyo wa habari yote. Nyumba ikizalisha asilimia 15 ya fedha yote iliyomo, na mkopo unatoza asilimia 15, kila shilingi ya mkopo inazalisha kiasi kile kile inachodaiwa. Haimuongezei mwenye nyumba wala haimpunguzii. Juu ya mstari huo shilingi ya mkopo inazalisha 18 au 25 na inalipa 15, na ziada inabaki kwa mwenyewe, ambaye hakuitia fedha yake. Ndiyo maana mtaji mdogo unaonekana umezaa sana. Chini ya mstari, shilingi ya mkopo inazalisha 10 na bado inataka 15. Zile 5 zinazopungua hazimuumizi benki. Zinatoka katika fungu la mwenye nyumba, na kadiri fungu hilo lilivyo dogo ndivyo anavyoumia.

Kwa hiyo mkopo hauifanyi nyumba ipate wageni zaidi. Vyumba ni vile vile sita, usiku ni ule ule 1,095. Unachofanya ni kutanua tanga: pepo zikiwa nzuri chombo kinakwenda mbio, na dhoruba ikija ni tanga lile lile linalokilaza.

Sasa mtazame mshirika kwa jicho hilo. Watu wengi hapa kwetu humwona mshirika kama mtu wa kuwalia faida. Mwaka mzuri ni kweli ni ghali: aliyeleta milioni 6 anachukua nusu ya milioni 3, yaani milioni 1.5, na benki ingechukua 900,000 tu. Mwaka mbaya mshirika anachukua 600,000 na benki bado inataka 900,000. Mwaka usio na faida mshirika hapati kitu, anakunywa kahawa na wewe barazani mkingoja msimu. Wavuvi wetu wanalijua jambo hili bila kalamu. Chombo kina fungu lake, nyavu zina fungu lake, mabaharia wana yao, na siku ya kurudi mikono mitupu hakuna fungu linalodai. Deni halijui siku ya mikono mitupu.

Mwaka mbaya huja mara ngapi?

Hapa ndipo hesabu iliyoandikwa kwingine inapopotosha mtu wa Lamu. Vitabu huuchukulia mwaka mbaya sana kama jambo la nadra. Sisi tuhesabu yetu. Septemba na Oktoba 2011 watalii walitekwa nyara Kiwayu na Manda, na wageni wakakatika. Juni 2014 Mpeketoni ilishambuliwa, ikafuata amri ya kutotoka nje usiku, na vyumba vikabaki vitupu tena. Machi 2020 safari za ndege za kimataifa zilisimamishwa kwa ajili ya korona, zikarejea Agosti mosi. Hayo ni mapigo matatu ndani ya miaka kumi, na hakuna hata moja lililoletwa na mwenye nyumba aliyepika vibaya au kupanga bei vibaya.

Mkopo wa miaka mitano ukichukuliwa Lamu, mimi nauandikia angalau mwaka mmoja mbaya sana ndani yake. Sisemi lazima uje. Nasema mpango usiouhimili mwaka mmoja wa namna hiyo si mpango wa mahali hapa.

Karatasi ya tatu mwaka kama huo inakula 750,000 katika mtaji wa milioni 3. Tena wakati wa mapigo hayo bei ya nyumba yenyewe hushuka. Nyumba ya milioni 12 ikiuzwa kwa milioni 9, washirika watupu wamepoteza robo ya fedha yao. Waliokopa nusu wamepoteza nusu. Waliokopa robo tatu hawana kilichobaki, kwa sababu milioni 9 zote ni za benki. Na kama waliweka dhamana ya nyumba nyingine ya familia, hasara haikomei kwenye zile milioni 3. Nyumba za urithi zina wenyewe wengi, wengine wako Mombasa au ng’ambo, na ya wakfu haiwekwi rehani kabisa. Kwa nyumba ya ndoa sheria ya ardhi ya 2012 inataka ridhaa ya mke au mume. Nilimuuliza mkubwa wao kama mama yake analijua jambo la dhamana. Alinyamaza, na kimya hicho tukakiandika katika orodha ya mambo ya kumaliza kabla ya kwenda benki.

Riba nayo haikai mahali pamoja

Asilimia 15 ilikuwa bei ya siku ile. Mikopo mingi ya benki hupanda na kushuka kwa kufuata riba ya Benki Kuu, na Benki Kuu ya Kenya iliipandisha riba yake kutoka asilimia 7 mwanzoni mwa 2022 hadi 13 Februari 2024. Aliyekopa 2021 akapanga miaka mitano kwa riba ya siku ile alijikuta analipa kitu kingine.

Tuseme ile 15 imekuwa 19. Nyumba haijabadilika, wageni ni wale wale wa mwaka wa kawaida, faida ni 2,160,000. Aliyekopa nusu sasa analipa riba ya 1,140,000 na kila shilingi 100 yake inampa 17. Aliyekopa robo tatu analipa 1,710,000 na anapata 15. Mshirika mtupu bado anapata 18. Mpangilio umepinduka: waliokuwa mbele kwa 27 sasa ndio wa nyuma, na hakuna aliyekosea kazi. Mstari wa mpaka ulihama kutoka 15 hadi 19, na mwaka wa kawaida ukajikuta chini yake. Kwa hiyo nafasi kati ya mapato ya nyumba na bei ya mkopo ndiyo ya kuangaliwa. Tatu tu, kutoka 15 hadi 18, ni nafasi nyembamba. Ingekuwa nyumba inazalisha 30 nisingesema maneno mengi.

Kuna mtego mwingine katika neno hilo la asilimia. Wakopeshaji wengine hutoza riba juu ya deni la mwanzo mpaka mwisho, ingawa umeshalipa nusu yake. Milioni 6 kwa “15” ya namna hiyo, miaka mitano, ni 175,000 kila mwezi. Kwa 15 inayohesabiwa juu ya deni lililobaki ni 142,740. Ile ya kwanza ukiigeuza kuwa riba ya deni lililobaki inakuwa karibu 25, na kwa nyumba inayozalisha 18, kila shilingi iliyokopwa hivyo ni hasara tangu siku ya kwanza.

Mkubwa aliuliza kuhusu murabaha, maana baba yake hataki kusikia riba. Benki inanunua vifaa, inawauzia kwa bei ya juu inayojulikana, mnalipa kwa awamu. Kwa upande wa dini hilo ni jambo la kumuuliza sheikh, nami si mmoja wao. Kwa upande wa hesabu lina faida moja ya kweli: bei ikishakubaliwa haipandi Benki Kuu ikipandisha. Lakini awamu ni awamu. Msimu ukifa bado zinadaiwa, kwa hiyo katika uwiano wa deni naiandika upande wa deni, na faida ya benki naiweka mahali pa riba ninapohesabu zile mara. Kilicho karibu na mshirika ni mushaaraka, ambamo benki inaingia kama mwenye mali na kubeba hasara kwa kadiri ya fungu lake. Usome mkataba wenyewe, usisome jina lake.

Mara za riba zinapodanganya

Mpaka hapo mdogo alikuwa amekubali kuiacha karatasi ya tatu, lakini ya pili aliiona salama. Alikuwa na hoja. Mwaka mbaya, aliyekopa nusu ana faida ya 1,200,000 na riba ya 900,000. Inatosha mara 1.33. “Si tunalipa?” alisema.

Riba mnalipa. Deni je?

Hiki ndicho kilema kikubwa cha kipimo hiki, na nimekiona kikiwaangusha watu wenye akili zao. Mara za riba zinahesabu riba tu. Benki haiji kuchukua riba tu, inakuja kuchukua awamu, ambayo ndani yake mna riba na kipande cha deni. Milioni 6 kwa miaka mitano ni 142,740 kwa mwezi, yaani karibu 1,713,000 kwa mwaka. Mwaka wa kawaida zinabaki 447,000 baada ya awamu. Mwaka mbaya zinapungua 513,000, ingawa kipimo kilisema mara 1.33 na kila mtu akatikisa kichwa kwa kuridhika.

Na karatasi ya tatu? Milioni 9 kwa miaka mitano ni awamu ya karibu 2,569,000 kwa mwaka. Faida ya mwaka wa kawaida ni 2,160,000. Yaani karatasi ile iliyoahidi 27 kwa kila 100 isingeweza kulipa awamu zake kwa faida yake hata mwaka ambao hakuna kilichoharibika. Namba zile za 27 na 55 ni za kweli, lakini ni faida isiyokaa mfukoni, inayogeuka kuwa matofali yaliyolipiwa benki.

Mtu anayejua hesabu atasema uchakavu haukuwa pesa iliyotoka, turudishe fungu lake juu. Kwa mashine Nairobi labda. Kwa nyumba ya chokaa mita mia kutoka baharini, chumvi inakula ukuta kila kusi, na boriti ya mkoko ikioza haingoji mkopo uishe. Fungu hilo mimi silirudishi.

Kisha kuna miezi. Mwaka wetu si mfuko mmoja. Wageni hujaa Desemba hadi Pasaka, wakaja tena Julai na Agosti. Aprili hadi Juni mvua inanyesha, bahari imechafuka, na nyumba nyingi za Shela hufunga milango. Mara 2.4 za mwaka mzima zinaweza kuwa mara 6 Januari na chini ya sifuri Mei. Awamu ya Mei inalipwa kwa pesa ya Januari, au hailipwi. Dalili ya kwanza ya nyumba iliyozidiwa huioni katika hesabu za mwisho wa mwaka. Unaiona Aprili, mwenye nyumba anapoanza kupokea amana za wageni wa Desemba ili alipe awamu ya mwezi huu, na mshahara wa mpishi unapokatwa vipande viwili. Ukiona hayo mawili pamoja, usingoje Desemba. Nenda kwa mkopeshaji kabla hujakosa awamu, maana aliyekuja mapema hupewa muda na aliyekosa tatu hupewa barua.

Kuhusu kodi nitasema fupi. Nyumba ikiandikishwa kama kampuni, riba hutolewa kabla ya kodi ya asilimia 30, kwa hiyo riba ya 900,000 inapunguza kodi kwa 270,000, na gawio la mshirika halipunguzi kitu. Ni nafuu ya kweli, ila hupatikana pale tu penye faida ya kutozwa. Mwaka mbaya sana, unapoihitaji, hupungua.

Tulivyochagua

Tuliigeuza hesabu. Badala ya kuanza na benki itatupa ngapi, tulianza na mwaka mbaya: faida 1,200,000, na hiyo ndiyo awamu kubwa tunayoweza kuibeba bila kutoa mfukoni. Kila milioni moja kwa asilimia 15 na miaka mitano inataka awamu ya karibu 285,500 kwa mwaka. Gawanya, unapata deni la milioni 4.2. Tukakata tukaandika milioni 4.

Kwa deni hilo, uwiano ni asilimia 33. Riba ni 600,000, mara za riba ni 3.6 mwaka wa kawaida na 2 mwaka mbaya. Kila shilingi 100 ya wenye mtaji inapata 30 mwaka mzuri, 19.5 mwaka wa kawaida na 7.5 mwaka mbaya. Mwaka mbaya sana awamu ya 1,142,000 haitalipwa na faida ya 600,000, na pengo la 542,000 lazima liwe limewekwa mahali. Tulikubaliana liwekwe kidogo kidogo katika miaka miwili ya mwanzo kabla ya mtu yeyote kugawiwa faida.

Kulikuwa na njia ya kukopa milioni 6 kwa miaka kumi badala ya mitano. Awamu ingeshuka hadi 1,162,000 kwa mwaka na mwaka mbaya ungeimudu. Sikuipinga moja kwa moja. Lakini riba yote ya miaka kumi ingekuwa milioni 5.6, na ya miaka mitano ni milioni 2.6. Isitoshe, kwa historia yetu, miaka kumi inakaribisha mapigo mengi kuliko mitano. Kwa mtu mwenye nyumba iliyokwisha kuzoeleka na wageni wanaorudi kila Januari ningeweza kumshauri. Nyumba hii haijapokea hata mgeni mmoja. Namba zetu za usiku 1,095 ni makisio mazuri ya jirani zake, lakini ni makisio.

Zilibaki milioni 5 za kutafuta kwa washirika, na hili ndilo lililowauma vijana, kwa sababu sasa nyumba ni yao kwa sehemu tatu kati ya nane. Sikuwaficha kwamba hiyo ni bei. Mwenye sehemu ndogo husikiliza zaidi kuliko anavyoamua, na shirika la ndugu lisiloandikwa huvunja undugu kabla ya kuvunja biashara. Ndiyo maana ami yao, aliyekubali kuleta milioni 3, alipofika nilimwamkia na jambo la kwanza nililomwomba lilikuwa karatasi.

“Shikamoo ami. Kabla ya fedha, tuandike nani anaamua nini.”

“Marahaba. Andika. Na andika kwamba hawa wawili ndio wasimamizi, mimi mambo ya vitanda siyajui. Ila nyumba isiuzwe wala isiwekwe rehani bila sahihi yangu.”

Tukaandika hivyo, pamoja na haki ya mabinamu kununua sehemu za wengine baada ya mwaka wa tano, deni litakapokuwa limekwisha, kwa bei itakayokadiriwa na mtu wa nje. Shangazi yao wa Malindi ameahidi milioni 2 zilizobaki kwa masharti hayo hayo.

Benki ilikataa kusimamisha awamu za Aprili hadi Juni. Kwa hiyo tumefungua akaunti ya pembeni yenye kazi moja. Kuanzia Desemba kila chumba kikilaliwa kinaweka humo fungu lake, na kabla ya Pasaka lazima mna 285,500, awamu za miezi hiyo mitatu. Kijitabu chake anakishika mdogo, yule aliyetia kidole kwenye 55.